Vivuli juu ya mapafu, makohozi safi: je, nina TB au sina?

Barua

Shikamoo daktari. Nina miaka 39 na nimechimba miaka 16, mingi kati ya hiyo nikishika mashine ya kutoboa mwamba. Mwezi uliopita tulipigwa picha za kifua kazini. Homa sina, kikohozi ni cha asubuhi tu. Ripoti yangu imeandikwa hivi: "Vivuli vidogo vya mviringo, q/p, 1/2, kanda za juu, mapafu yote mawili. Hakuna kivuli kikubwa. Silikosisi. TB itafutwe." Makohozi yakapimwa kwa mashine, TB haikuonekana. Sasa muuguzi anataka nianze vidonge vya TB! Mwenzangu wa zamu alishapewa dozi ya TB ya miezi sita mara mbili na picha yake iko vilevile. Kama sina TB, vidonge vya nini? Watoto wangu wako salama? Na nikiacha kuchimba, vivuli hivyo vitaondoka?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Kwa ulivyoniandikia, una silikosisi, yaani makovu ya vumbi la mwamba ndani ya mapafu. TB bado haijaonekana. Vidonge anavyokutajia muuguzi, kama nimemwelewa vizuri, ni vya kuizuia TB isiamke, na hivyo ni tofauti na dozi aliyomeza mwenzako. Wachimbaji wengi wameumizwa na mkanganyiko wa mambo hayo matatu, kwa hiyo niruhusu niende polepole.

Tuanze na hiyo karatasi. Herufi na namba zilizokutia hofu zinatoka kwenye mfumo wa kusoma picha uliowekwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO), ili msomaji wa nchi moja na wa nchi nyingine waseme lugha moja. Msomaji huweka picha yako kando ya picha za mfano, kisha huulinganisha ukubwa wa vivuli na wingi wake. Herufi p ni vivuli visivyozidi milimita 1.5. Herufi q ni vya kati ya milimita 1.5 na 3. Herufi r huanzia hapo hadi 10. Ukiandikiwa q/p, maana yake vingi vina ukubwa wa q na vichache ni p. Namba zinaeleza wingi, kuanzia 0 hadi 3. Namba ya kwanza ndiyo uamuzi wa msomaji, ya pili ni ile aliyoifikiria kwa dhati kabla ya kuamua. Kwa hiyo 1/2 inasema: "Nimemweka daraja la 1, ila nilitaka kumweka la 2." Hilo si jambo dogo, lakini halijafika mbali. Sentensi iliyonipa nafuu zaidi ni ile ya "hakuna kivuli kikubwa", kwa sababu vivuli vikianza kuungana na kuvuka milimita 10, pafu huvutwa na kukunjwa, na pumzi ndipo huanza kukatika kwelikweli.

Kwa nini viwe vya mviringo, na kwa nini juu? Vumbi linalodhuru si lile unaloliona likitua begani. Ni chembe ndogo kuliko mikroni 5 hivi, na unywele mmoja wa kichwani una unene wa kama mikroni 70. Chembe hizo hupita pua, hupita koo, hupita mirija yote hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila mgeni. Zinameza silika, yaani madini yaliyomo kwenye vumbi la mwamba, lakini silika haimeng'enyeki. Inazipasua kutoka ndani, inamwagika, seli nyingine zinakuja kuimeza, nazo zinapasuka. Kila mzunguko unaacha uvimbe, na mwili unauzungushia nyuzi za kovu, tabaka juu ya tabaka, kama uzi unavyozungushwa kwenye kibunda. Hicho kibunda kigumu ndicho kivuli cha mviringo unachokiona kwenye picha.

Hukaa juu kwa sababu sehemu ya juu ya pafu hupata damu kidogo, na inaaminika kwamba njia za limfu zinazosafisha uchafu huenda taratibu zaidi huko. Vumbi lililoingia chini husombwa haraka kidogo, lililoingia juu hukaa. Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowachanganya hata wataalamu: bakteria wa TB naye hupenda sehemu hiyohiyo. Huko juu hewa ya oksijeni ni nyingi kuliko ilivyo chini, na yeye huifuata. Magonjwa mawili tofauti, kwa sababu mbili tofauti, yanachora mahali pamoja kwenye filamu.

Ndiyo maana picha peke yake haiwezi kukwambia una TB au huna. Inachoweza ni kutoa dalili za kuelekeza, na dalili yenye nguvu kuliko zote ni mwendo. Silikosisi ya kawaida hutambaa kwa miaka. Picha ya leo na ya mwaka jana hazitofautiani sana, na pande mbili hufanana, kushoto karibu sawa na kulia. TB huenda kwa wiki na miezi. Mara nyingi huelemea upande mmoja, kingo zake ni za ukungu, na wakati mwingine kitovu chake hutoboka na kuacha tundu. Maji yakijaa kando ya pafu moja, huyo si vumbi mpaka ithibitike vinginevyo. Ipo pia TB inayotapakaa mapafu yote kwa nukta ndogo ambazo madaktari huzifananisha na mbegu za mtama, nayo inaweza kumdanganya msomaji wa haraka. Lakini nukta hizo huenea juu mpaka chini, na mwenye nazo kwa kawaida yuko hoi kwa homa. Wewe unakwenda zamu na kurudi.

Acha nikusimulie mgonjwa mmoja. Alikuwa mtoboaji mwamba kama wewe, miaka 46. Picha zake za miaka minne mfululizo zilikuwa karibu nakala moja: vivuli vidogo, juu, pande zote mbili. Mwaka wa tano nilizitundika mbili kwenye sanduku la taa, ya zamani kushoto, mpya kulia, nikawa napitisha ncha ya kalamu kutoka kivuli hadi kivuli. Pafu la kushoto halikuwa limebadilika hata nukta. Pafu la kulia, chini kidogo ya mtulinga, palikuwa na ukungu wa upana wa kucha ya kidole gumba ambao kwenye picha ya zamani haukuwepo. Nikamuuliza kama ana homa. Hana. Kikohozi? Kilekile cha siku zote. Nikamwomba asimame, na hapo nikaona mkanda wa suruali umetobolewa tundu mbili mpya kwa msumari. Alikuwa amepungua, na hakuliona hilo kuwa ugonjwa. Makohozi ya kwanza yakarudi safi, ya pili safi. Yale yaliyopelekwa kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara mpaka bakteria wakue na kuonekana, yalitoa bakteria wiki ya 5.

Nimekupa kisa hicho kwa ajili ya yale makohozi mawili ya kwanza. Kwenye pafu lenye makovu ya vumbi, bakteria wanaweza kufungiwa ndani ya vibunda wasifike kwenye mirija, na kikohozi hakitoi kitu. Tena mchimbaji anayekohoa kila asubuhi hazoei kukihesabu kikohozi kama dalili. Kwa hiyo kipimo kimoja safi kinapunguza shaka bila kuimaliza. Kabla ya kidonge chochote, ningependa upeleke makohozi mengine ya alfajiri, yanayotoka chini kabisa ya kifua, kabla hujapiga mswaki. Mate ya mdomoni hayafai. Omba sehemu ya makohozi hayo ioteshwe maabara. Majibu yanaweza kuchukua wiki sita au zaidi, na kusubiri huko kuna maana yake, nitaieleza chini. Kama makohozi hayatoki, wanaweza kukuvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili yatoke.

Omba pia jambo ambalo halihitaji mashine yoyote: picha yako ya zamani. Kama kazini mlipigwa picha mwaka uliopita, au ile ya siku ulipoajiriwa, itafutwe. Daktari akiziweka mbili kando kwa kando anapata taarifa ambayo picha moja haiwezi kumpa hata akiikodolea macho kutwa nzima. Na kuanzia leo usikubali picha yako ibaki kwa mtu. Chukua nakala, andika tarehe, iweke nyumbani.

Sasa huyo mwenzako. Simjui na sijaona picha yake, kwa hiyo nazungumzia hali yake kwa tahadhari. Swali moja litafumbua mengi: je, kuna siku bakteria wa TB walionekana kwenye makohozi yake, kwa darubini, kwa mashine ya vinasaba au kwa kuoteshwa? Kama walionekana, alikuwa na TB, na makovu yaliyobaki kwenye picha yanaweza kuwa ya TB na ya vumbi kwa pamoja. Kama hawajawahi kuonekana, na miezi sita ya dawa kali haikubadilisha kivuli hata kimoja, mara mbili, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliona vivuli juu ya mapafu akaandika TB bila kuuliza kazi ya mgonjwa. Nimeliona hili mara nyingi na linaniuma. Mgonjwa anameza dawa zinazoweza kuchosha ini na kudhuru macho, anaepukwa na majirani, halafu anatangazwa amepona na kurudishwa kwenye vumbi lilelile. Ugonjwa wake halisi haujaandikwa popote, hivyo hata akitaka kudai fidia hana karatasi ya kushika. Mwambie aombe nakala za majibu yake yote ya makohozi na picha zake, azipeleke kwa daktari anayeshughulika na magonjwa ya kazini. Kama bado yuko kwenye dozi, asiiache kwa sababu ya barua hii.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na ndilo linaloua. Mtu ameshaandikiwa silikosisi, kila mtu kliniki anamjua kama "yule wa vumbi", na siku TB inapoingia kila dalili inatupiwa vumbi. Kikohozi kimezidi? Vumbi. Amekonda? Kazi ngumu. Mgonjwa wangu wa mkanda angeweza kupotea hivyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye hatari yako wewe. Kumbuka zile seli za ulinzi zinazomeza silika na kupasuka. Hizohizo ndizo zinazotakiwa kummeza bakteria wa TB na kumuua. Zikiwa zimejaa vumbi, zinammeza lakini zinashindwa kummaliza, na yeye hustawi humohumo ndani. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba mwenye silikosisi hupata TB mara tatu au nne zaidi ya mtu asiye nayo, na kadiri vivuli vinavyokuwa vingi ndivyo hatari inavyopanda. Hata mchimbaji ambaye picha yake bado ni safi, lakini amevuta silika kwa miaka, hatari yake imepanda kidogo. Zaidi ya yote, hatari hii haifungwi siku unapokabidhi kofia na taa. Vumbi linabaki mapafuni, kwa hiyo nayo inabaki.

Kuna kitu kimoja kinachoizidisha, na lazima nikuulize wazi kama ndugu: umepima VVU? Silikosisi na VVU zikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya TB huzidishwa. Moja haijumlishwi tu kwenye nyingine. Kama hujapima, pima kabla ya kuanza vidonge, kwa sababu jibu litaamua pia aina ya vidonge vya kukupa. Ukiwa unavuta sigara, mwambie muuguzi. Nayo inaongeza hatari ya TB na inamalizia pumzi ambayo vumbi limeiacha.

Sasa vidonge. Watu wengi duniani wana bakteria wa TB waliolala mwilini. Hawaumwi, hawaambukizi, na wengi wao hawataugua kamwe. Kwako wewe bakteria akiwa amelala, mlinzi wake ni mgonjwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) limewaweka wenye silikosisi kwenye orodha ya watu wanaopaswa kuchunguzwa maambukizi hayo yaliyolala na kupewa dawa ya kuyamaliza. Uchunguzi wenyewe ni kuchomwa sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono na kusomwa baada ya siku mbili au tatu, au kutolewa damu. Kipimo hicho kinajibu swali moja tu, kama umewahi kuambukizwa. Hakitenganishi bakteria aliyelala na aliyeamka, kwa hiyo usikubali mtu akuambie una TB kwa sababu mkono umevimba.

Dawa ya kuzuia inaweza kuwa isoniazidi peke yake kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12, au isoniazidi na rifampisini kila siku kwa miezi 3. Ukiulizwa unapenda ipi, na kama huna kizuizi, ile ya mara moja kwa wiki humalizwa na watu wengi zaidi kwa sababu ni fupi. Anayetumia dawa za VVU asichague mwenyewe, maana rifapentini na rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo.

Sasa ile sababu ya kusubiri makohozi yaoteshwe. TB iliyoamka hutibiwa kwa dawa nne kwa pamoja mwanzoni, kwa sababu kwenye pafu linaloumwa bakteria ni wengi mno na miongoni mwao wapo wachache ambao dawa moja haiwadhuru. Ukimpa mtu huyo isoniazidi peke yake, unawaua wanyonge na kuwaachia uwanja wale sugu. Miezi michache baadaye ana TB ambayo mojawapo ya dawa muhimu haifanyi kazi tena. Kwa mtu mwenye mapafu safi kosa hilo huonekana mapema. Kwako wewe vivuli vya vumbi vinaweza kuificha TB, kwa hiyo mlango wa kuingilia kwenye vidonge hivi lazima uwe mwembamba: hakuna dalili, picha hailingani na TB na ikiwezekana imelinganishwa na ya zamani, makohozi safi, yaliyooteshwa nayo safi. Ukishapita hapo, meza bila hofu. Muulize muuguzi swali hili: "Mmehakikishaje kwamba sina TB iliyoamka?" Muuguzi mzuri atalifurahia.

Ukiwa kwenye dawa, chunga ini. Kichefuchefu kisichoisha, kukataa chakula, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kuwa ya njano: acha kumeza siku hiyohiyo na uende kliniki, usingoje tarehe yako. Rifapentini na rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa, na hilo peke yake si ugonjwa. Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea ndio wa kukutoa nyumbani. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo, ndiyo maana mara nyingi huambatanishwa na vitamini B6. Pombe iweke kando mpaka umalize.

Nisikudanganye kuhusu nguvu ya vidonge hivi. Utafiti uliofanywa Hong Kong kwa watu wenye silikosisi, ukachapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya kuzuia walipata TB takribani nusu ya wale wasiopewa katika miaka mitano. Nusu ni nyingi, lakini nusu nyingine ilibaki. Kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walijaribu kuwapa wachimbaji wote isoniazidi kwa miezi 9. Iliwalinda walipokuwa wakiimeza, na walipoacha kinga ikatoweka upesi. Wale watu walirudi kwenye vumbi lilelile na kupumua hewa moja shimoni na wenzao wanaokohoa. Kidonge hakiondoi silika, na hakikukingi na bakteria mpya atakayekuja mwakani.

Kuhusu watoto, silikosisi haiambukizi. Lala nao, kula nao, wabebe. Ila usiwaletee vumbi: nguo za kazi zivuliwe na kufuliwa huko kazini, na uoge kabla ya kurudi. Ikitokea siku ukapatikana na TB ya mapafu iliyoamka, wao ndio watakuwa wa kwanza kuchunguzwa, hasa walio chini ya miaka 5.

Na vivuli havitaondoka. Hakuna dawa wala kinywaji cha kuyeyusha kovu la silika, na anayekuuzia "kisafisha mapafu" anakula fedha yako. Vinaweza hata kuongezeka kidogo baada ya kuacha kazi, kwa sababu chembe zilizomo ndani zinaendelea na kazi yake. Lakini kila zamu unayoongeza kwenye vumbi inaongeza chembe mpya, na daraja la 1 leo linaweza kuwa la 3 ukiwa bado kijana. Kwa hiyo kama mwili wako ungekuwa wangu, ningeondoka kwenye mashine ya kutoboa. Najua kazi haiachwi kwa barua. Omba kwanza kuhamishiwa sehemu isiyo na vumbi, ripoti hiyo ikiwa mkononi, na upeleke nakala panapohusika na fidia za magonjwa ya kazini kabla hujaacha, maana kudai ukiwa nje ni kugumu zaidi. Wakikurudisha kutoboa, maji yapite kwenye ncha ya mashine muda wote, na usiingie baada ya kulipua mpaka hewa imesafishwa. Kitambaa cha puani hakizuii chembe hizi. Barakoa inayofaa ni ile ya kuchuja chembe ndogo, inayokaza usoni bila mwanya, na ndevu huleta mwanya.

Baada ya hapo ni ukaguzi wa kila mwaka, picha na makohozi, ukiwa kazini na hata ukishatoka. Katikati ya mwaka usingoje ikiwa kikohozi kimebadilika tabia, unatoka jasho la kulowesha shuka usiku, damu imeonekana kwenye makohozi, au nguo zimeanza kukupwaya. Kila utakapofika mbele ya mhudumu mpya, neno lako la kwanza liwe: "Nimechimba miaka 16, nina silikosisi, na hii ndiyo picha yangu ya zamani." Ikithibitika una TB, muulize daktari kuhusu urefu wa dozi. Kwa wenye silikosisi miezi 6 ya kawaida huacha wengi wakirudiwa na ugonjwa. Utafiti mwingine wa Hong Kong, wa mwaka 1991, ulionyesha kwamba walioendelea hadi miezi 8 walirudiwa kwa uchache sana kuliko wa miezi 6, na madaktari wengi huongeza walau hiyo miezi 2.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili tu: peleka makohozi ya alfajiri yaoteshwe, na uitafute ile picha ya siku ulipoajiriwa. Ukiipata, niandikie kama vivuli vilikuwepo tayari.